Kila Dai na Seli Yake

Muhtasari wenyewe ulikuwa na sentensi nne tu, na ulisomeka vizuri kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeutuma kwa mteja hapo hapo:

"Kampeni iliwafikia watu 345,000 wa Dar es Salaam na Zanzibar kwa shilingi milioni 3. Wateja 1,500 walinunua kupitia WhatsApp, kwa wastani wa shilingi 1,917 kwa kila mteja. Katika wiki ya mwisho gharama ilipanda kwa asilimia 10 kwa sababu watazamaji walianza kulichoka tangazo. Wanawake wa Zanzibar ndio waliovutiwa zaidi, hasa na rangi za vitenge vya Sikukuu."

Ulikuwa umeandikwa na programu ya akili mnemba iliyopewa faili la takwimu za matangazo ya Facebook na Instagram ya duka moja la vitenge, wiki nne za kuelekea Idi. Jina la duka naliacha, na namba nimezizungusha ili msomaji aweze kufuata hesabu kwa jicho bila kikokotoo. Makosa yenyewe sikuyagusa. Ni yale yale tunayokutana nayo katika ofisi yetu ndogo ya matangazo tangu tulipoanza kuiachia mashine iandike rasimu za ripoti.

Anayezikagua rasimu hizo ni dada yetu mmoja ambaye kwa cheo ni mhasibu. Nimekaa naye meza moja muda mrefu, na namna anavyoifanya kazi hiyo bado inanishangaza, kwa sababu jambo la kwanza analolifanya ni kutousoma muhtasari. Anaufunika kwa dirisha jingine. Anadai kwamba ukishaisoma namba iliyoandikwa kwa kujiamini, jicho lako likienda kwenye jedwali litaitafuta namba hiyo hiyo, na likiona kinachofanana nayo litaridhika. Kwa hiyo anaanzia kwenye faili, anajumlisha mwenyewe, anaandika majibu yake pembeni, ndipo anaufunua muhtasari.

Na faili lenyewe halianzi kujumlishwa hivi hivi. Analipakua upya kutoka Ads Manager, analiwekea tarehe na saa kwenye jina lake, kisha haligusi tena. Kazi yote anaifanya kwenye nakala. Kuna sababu. Matokeo ya siku za mwisho huweza kuongezeka hata baada ya kampeni kufungwa, kwa kuwa mfumo unamhesabu pia mtu aliyebofya tangazo leo akachukua hatua siku kadhaa baadaye. Faili la Jumatatu na faili la Alhamisi yanaweza kutofautiana bila mtu yeyote kukosea. Usipojua muhtasari uliandikwa kutoka faili lipi, utaitafuta siku nzima tofauti ambayo ni ya kalenda tu.

Kisha anaangalia kama faili lina mstari wa jumla. Wakati wa kupakua, mfumo unakuuliza kama unataka mstari huo uwekwe, na ukikubali, jumla ya safu nzima inakaa humo humo pamoja na mistari mingine. Mashine, au kijana mpya, akijumlisha safu yote kuanzia juu hadi chini, anapata kila kitu mara mbili. Kampeni ya milioni 3 inakuwa ya milioni 6. Kosa hilo ni rahisi kulikamata, maana mwenye duka anajua ametoa shilingi ngapi. Mionekano ikizidishwa mara mbili ndiyo hatari, kwa sababu hakuna mwenye duka anayejua mionekano yake ilipaswa kuwa mingapi.

Safari hii jumla ya fedha ilikuwa sawa. Seti tatu za matangazo zilikuwa zimetumia hivi: Dar es Salaam shilingi 1,800,000, Zanzibar 900,000, na seti ya tatu, ya watu waliowahi kuutembelea ukurasa wa duka au kuandika ujumbe, 300,000. Milioni 3 kamili. Dada akaipigia tiki, na pembeni yake akaandika anwani ya seli alikoitoa. Hiyo ndiyo kanuni yake: kila dai ndani ya muhtasari lipewe seli yake, au fomula yake, hata likiwa sahihi. Dai lisilo na anwani halikai. Mara ya kwanza nilidhani ni ukali wa kihasibu. Baadaye nikagundua kwamba zile tiki ndizo zinazomlinda asiwe mtu wa kuona makosa tu, akaanza kutilia shaka hata kisichostahili.

Alipofika kwenye watu 345,000 alisimama. Mashine haikukosea kujumlisha: Dar es Salaam waliofikiwa ni 210,000, Zanzibar 95,000, seti ya tatu 40,000, na ukiziweka pamoja unapata 345,000 bila kupungua hata mmoja. Zamani tulikuwa tunaziogopa programu hizi kwa kushindwa kujumlisha safu ndefu, kwani zilikuwa zinakisia jibu kama zinavyokisia neno linalofuata. Siku hizi nyingi zinaendesha hesabu kwa kikokotoo cha ndani, na jibu linatoka sawa. Kilichobaki ni kigumu zaidi kukiona, nacho ni kujumlisha vitu visivyojumlishika.

Waliofikiwa ni watu, si matukio. Ni kama msiba: ukiwahesabu waliofika matangani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukajumlisha, hujapata idadi ya watu waliokuja kuhani, maana jirani wa mlango wa pili umemhesabu mara tatu. Mwanamke wa Temeke aliyewahi kuuliza bei ya doti mwezi uliopita yumo kwenye seti ya Dar es Salaam na yumo kwenye seti ya tatu. Mfumo wenyewe unalijua hilo, ndiyo maana jumla ya waliofikiwa inayoonekana chini kabisa ya skrini ya Ads Manager ni ndogo kuliko ukijumlisha mwenyewe. Kwa kampeni hii ilikuwa 312,000. Watu 33,000 wa ziada katika muhtasari walikuwa ni watu walewale waliorudiwa.

Dalili ya kosa hili haihitaji hata kurudi kwenye skrini. Dada anaitafuta kwa kugawa. Mionekano, yaani mara ambazo tangazo lilitokea machoni pa watu, inajumlishika, na kwa seti zote tatu ilikuwa 1,000,000. Ukiigawa kwa 345,000 unapata wastani wa mara 2.9 kwa mtu. Lakini safu ya marudio kwenye mstari wa jumla ilisema 3.2, ambayo ndiyo unayoipata ukigawa kwa 312,000. Namba mbili zinapogombana hivi, mojawapo haikutoka mahali pamoja na nyingine. Jambo lilelile hutokea mtu anapojumlisha waliofikiwa siku kwa siku, na hapo ongezeko huwa la kutisha zaidi, kwa sababu mtu aliyeliona tangazo siku kumi anahesabiwa watu kumi.

Aliporekebisha hakuandika tu 312,000. Aliandika "takriban watu 312,000", kwa kuwa Meta yenyewe inasema kipimo hicho ni makadirio. Neno hilo moja, "takriban", mashine haikuliweka.

Wastani wa shilingi 1,917 nao ulikuwa na asili yake. Gharama ya kila mazungumzo ilikuwa shilingi 2,000 kwa Dar es Salaam, 2,500 kwa Zanzibar na 1,250 kwa seti ya tatu. Mashine ilichukua namba hizo tatu, ikazijumlisha na kugawa kwa tatu, kana kwamba seti iliyotumia laki 3 ina uzito sawa na iliyotumia milioni 1 na laki 8. Dada anaziandika fomula zote mbili, moja juu ya nyingine, ili anayekuja baada yake aone kosa lilipotokea:

```
=SUM(B2:B4)/SUM(E2:E4)
=AVERAGE(F2:F4)
```

Ya kwanza inagawa fedha zote kwa mazungumzo yote na kutoa 2,000. Ya pili inatoa 1,916.67. Tofauti ni ndogo, na kijana wetu mmoja alimwambia, "Dada, shilingi themanini na tatu kweli tuzigombanie?" Akamjibu bila kuinua macho, "Mdogo wangu, sigombanii themanini na tatu. Hiyo fomula mwezi ujao itakuja na elfu moja." Na ni kweli, maana kosa la aina hii linakua kadiri seti zinavyotofautiana kwa ukubwa, wala halina dalili yoyote kwenye karatasi. Wastani wa uongo unakaa katikati ya namba nyingine kwa adabu kabisa.

Kuhusu "wateja 1,500 walinunua", hapo hakukuwa na kazi ya hesabu. Namba 1,500 ipo kwenye faili, lakini safu yake inaitwa `Messaging conversations started`. Ni mazungumzo yaliyoanzishwa baada ya mtu kubonyeza tangazo. Ndani yake yumo aliyeuliza bei akanyamaza, yumo aliyeuliza duka lipo mtaa gani, yumo aliyebonyeza kwa bahati mbaya akatuma ile salamu iliyokwisha kuandikwa na mfumo. Wanunuzi wamo pia, ila ni wangapi faili halisemi na haliwezi kusema, kwa sababu mauzo yanamalizikia kwenye simu ya mwenye duka na kwenye daftari lake. Mashine ilibadilisha jina la kipimo katikati ya njia. Namba ilibaki ileile, kitu kinachohesabiwa kikabadilika. Ukaguzi wa kulinganisha namba na namba hauwezi kulikamata kosa hilo hata kidogo, na ndiyo sababu Dada anapoandika anwani ya seli anaandika pia kichwa cha safu, neno kwa neno, kama kilivyo kwenye skrini.

Nikiulizwa ni wapi hasa ufundi wake unapoonekana, nitasema ni kwenye sentensi ya tatu. Asilimia 10 ilikuwa sahihi. Wiki ya tatu zilitumika shilingi 800,000 na kuleta mazungumzo 440, sawa na shilingi 1,818 kwa kila moja. Wiki ya nne zilitumika shilingi 800,000 zilezile na kuleta 400, sawa na shilingi 2,000. Gharama imepanda kwa asilimia 10, tiki. Baada ya tiki linafuata "kwa sababu", na Dada ana mazoea ya kukata sentensi vipande viwili hasa hapo, kila kipande kikaguliwe peke yake, maana ukweli wa nusu ya kwanza huivusha nusu ya pili bila kulipa nauli.

Kwamba watazamaji huchoka ni jambo la kweli katika kazi hii. Tangazo likionwa mno na watu walewale, linazidi kuwa ghali. Kwa kuwa ripoti nyingi za kampeni duniani zinaieleza gharama iliyopanda kwa uchovu huo, programu iliyojifunza kuandika kutoka ripoti hizo inaukuta ulimini. Sentensi inauhitaji ili ikamilike vizuri. Lakini uchovu una alama zake. Kama watu wamechoka, basi ndani ya kila seti, au angalau ndani ya ile kubwa, gharama ingepanda. Dada akaivunja wiki moja moja kwa seti.

Dar es Salaam, wiki ya tatu: shilingi 2,000 kwa mazungumzo. Wiki ya nne: 1,900. Imeshuka.

Zanzibar, kutoka 2,500 hadi 2,400. Imeshuka.

Seti ya tatu, kutoka 1,250 hadi 1,200. Imeshuka.

Zote tatu zimekuwa nafuu, na jumla imekuwa ghali. Mtu akiliona hili mara ya kwanza hudhani fomula imeharibika. Haikuharibika. Kilichobadilika ni fedha zilikoelekezwa. Wiki ya tatu Zanzibar ilipewa shilingi 200,000 na seti ya tatu, iliyo nafuu kuliko zote, ikapewa 200,000. Wiki ya nne Zanzibar ilipanda hadi 360,000, na seti ya tatu ikashushwa hadi 60,000. Dar es Salaam ilikaa karibu palepale, 400,000 ikawa 380,000. Fedha zilihama kutoka mahali ambapo mazungumzo ni nafuu kwenda mahali ambapo ni ghali, na wastani wa jumla ukazifuata huko. Watakwimu wanaliita jambo hili kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyeliandikia makala mwaka 1951, ingawa kuna wengine walioliona kabla yake.

Baada ya hapo akafanya hesabu moja ya ziada ambayo hakuna aliyemwomba. Alichukua bei za wiki ya nne na kuzipigia mgawanyo wa fedha wa wiki ya tatu: 400,000 kwa 1,900, kisha 200,000 kwa 2,400, kisha 200,000 kwa 1,200. Yanatoka mazungumzo kama 460, karibu shilingi 1,737 kwa kila moja. Yaani kama fedha zisingehamishwa, na kama bei zingebaki zilivyo, gharama ingeshuka. Hilo "kama" la pili alilipigia mstari, kwa sababu seti ya tatu ina watu wachache na haijulikani kama ingeendelea kuleta mazungumzo kwa bei hiyo ukiiongezea fedha zaidi ya mara tatu.

Je, nani alizihamisha fedha? Ads Manager ina historia ya mabadiliko inayoonyesha kila aliyegusa bajeti, siku na saa. Dada aliifungua. Mwanzoni mwa wiki ya nne bajeti ya Zanzibar ilikuwa imepandishwa na mwenzetu mmoja, kwa maombi ya mwenye duka mwenyewe, aliyetaka mzigo wa Unguja uishe kabla ya Idi. Ulikuwa ni uamuzi wa biashara, wenye sababu zake, na wala haukuwa mbaya. Muhtasari ungemfanya mteja atupe picha za matangazo zilizokuwa zikifanya kazi na kulipia nyingine, kwa kisingizio cha uchovu ambao haukuwepo.

Sentensi yake mpya ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya mashine: "Gharama kwa kila mazungumzo ilipanda kwa asilimia 10 wiki ya mwisho, lakini katika kila seti ilishuka, na ongezeko la jumla limetokana na bajeti kuhamia Zanzibar." Hakusema kwa nini ilishuka katika kila seti. Idi ilikuwa inakaribia, na sisi wote mezani tulikuwa na maelezo yetu tayari. Alitusikiliza, kisha akaiacha sentensi ilivyokuwa. Faili lilionyesha kwamba bei zimeshuka. Kwa nini zimeshuka halikuonyesha.

Sentensi ya nne haikumchukua muda. Faili halina safu ya rangi, wala seti hazikutenganishwa kwa picha, kwa hiyo rangi za vitenge hazina anwani na zikatoka. "Waliovutiwa zaidi" nayo inapingana na jedwali: Zanzibar ilitumia asilimia 30 ya fedha ikaleta mazungumzo 360, yaani asilimia 24. Nadhani mashine ilizipata rangi kwenye maneno ya tangazo lenyewe, yaliyokuwa yamebandikwa juu ya faili. Hilo ni jambo la kukumbuka unapoipa kazi: kila unachoiwekea mbele kinaweza kurudi kikiwa matokeo.

Wengi wangefunga kazi hapo, maana kila kilichoandikwa kimeshakaguliwa. Dada anageuza mwelekeo. Analisoma faili mstari kwa mstari na kuuliza kama mstari huo umetajwa popote kwenye muhtasari. Ukaguzi wa kutoka maandishi kwenda namba hukamata kilichosemwa vibaya. Kilichonyamaziwa kinakamatwa kwa kurudi njia ile ile kinyumenyume. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba seti ya tatu, iliyoleta mazungumzo 240 kwa laki 3 tu, haikutajwa hata kwa neno moja, pengine kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote.

Akaiongezea sentensi yake, na hapo pia akawa mwangalifu. Ni rahisi kumwambia mteja ahamishie fedha zote huko. Lakini watu wa seti ile ni wale ambao tayari walikuwa wamelijua duka, na wengine wao wangeandika ujumbe hata bila kuliona tangazo. Mfumo unamhesabu kila aliyeona au kubofya kisha akaandika. Hauwezi kumtenga yule ambaye angekuja tu. Kulijua hilo kunahitaji jaribio: watu wa kundi hilo wagawanywe kwa bahati nasibu, sehemu yao wanyimwe tangazo kwa wiki kadhaa, kisha mazungumzo ya pande mbili yalinganishwe. Mwenye duka alipoisoma ripoti aliuliza jaribio hilo litamgharimu nini. Dada akampigia hesabu ya mazungumzo atakayoyakosa upande ulionyimwa, akamtumia siku ileile.